Nchi Mbili Zinadai Kodi ya Pato Moja: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Ombi la MAP

Maombi mengi ya utaratibu wa makubaliano ya pamoja, unaojulikana katika ofisi za kodi kwa kifupi chake cha MAP, hurudishwa au hukwama kwa sababu moja: mwombaji ameandika rufaa. Anaishutumu nchi moja, anaitetea nyingine, anataja kesi na vifungu vya adhabu, na mwisho anaomba haki itendeke. Wanaosoma faili hilo ni maofisa wa mamlaka mbili za kodi ambao wataketi kuzungumza wao kwa wao. Wanachotaka kuona ni pato gani limetozwa mara mbili, ni ibara gani ya mkataba inayokataza hali hiyo, na ni njia zipi za kuiondoa wanazoweza kukubaliana.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja wa kubuni kutoka mwanzo hadi mwisho. Kampuni ya uhandisi yenye makao yake Nairobi ilipeleka wahandisi Johannesburg kufunga na kurekebisha mfumo wa kuendesha mitambo ya kiwanda. Kazi ilianza 4 Septemba 2023 na kumalizika 17 Machi 2024. Mamlaka ya kodi ya Afrika Kusini, SARS, ilisema kampuni ilikuwa na kituo cha kudumu cha biashara nchini humo, yaani uwepo wa kibiashara unaotosha kuipa nchi haki ya kutoza faida yake, ikatoza faida yote ya mkataba, yaani randi 4,000,000, kwa asilimia 27. Mamlaka ya kodi ya Kenya, KRA, ilitoza faida hiyohiyo kwa asilimia 30, ikakataa kupunguza kodi iliyolipwa nje kwa hoja kwamba hakukuwa na kituo cha kudumu na hivyo Afrika Kusini haikuwa na haki ya kutoza chochote.

Hesabu yake ni hii: randi 1,080,000 kwa SARS na thamani ya randi 1,200,000 kwa KRA, jumla randi 2,280,000. Asilimia 57 ya faida imekwenda.

## Vitu vya kukusanya kabla ya kuandika neno

- Maandishi kamili ya mkataba wa kuepusha kodi maradufu kati ya nchi hizo mbili, pamoja na itifaki zozote zilizourekebisha.
- Hati ya ukaazi wa kikodi ya kila mwaka unaohusika, iliyotolewa na nchi ya ukaazi wako.
- Makadirio ya kodi ya nchi zote mbili, barua za ukaguzi zilizotangulia, na majibu yako yote.
- Ritani za kodi za miaka husika na ushahidi wa malipo katika kila nchi.
- Mkataba wa kazi na mteja, ankara, na hesabu za mradi zinazotenganisha kazi iliyofanyika nyumbani na iliyofanyika ugenini.
- Kurasa za pasipoti zenye mihuri, tiketi za ndege, na daftari la mahudhurio ya eneo la kazi kwa kila mfanyakazi.
- Barua ya uwakilishi, ikiwa mhasibu au wakili ndiye atakayewasilisha.

Daftari la mahudhurio mara nyingi huwa limeandikwa kwa Kiswahili na msimamizi wa kazi. Litafsiriwe kwa Kiingereza, na nakala ya awali iambatishwe. Usiliandike upya ili lionekane safi: daftari lenye madoa ya grisi huaminika kuliko jedwali lililochapwa miaka miwili baadaye.

## Hatua ya 1: Thibitisha kwamba mkataba upo na unafanya kazi

Bila mkataba hakuna MAP. Kenya na Afrika Kusini zina mkataba unaofanya kazi tangu 2015, kwa hiyo mfano wetu unapita. Kenya na Tanzania hazipo katika hali hiyo. Mkataba wa kodi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini 2010 lakini haujaanza kutumika, na kampuni ya Nairobi inayotozwa kodi Dar es Salaam haina mlango huu. Itabaki na sheria za ndani za kila nchi.

Tafuta ibara inayohusu utaratibu wa makubaliano. Katika mkataba wa mfano wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, ni ibara ya 25, ila namba hubadilika kutoka mkataba hadi mkataba, na kutaja namba ya mfano badala ya ile ya mkataba wako humwonyesha msomaji kwamba hukuufungua. Soma mambo mawili: ombi linapelekwa nchi ipi, na ndani ya muda gani. Mikataba mingi inaelekeza ombi kwa nchi ya ukaazi, na inatoa miaka mitatu tangu taarifa ya kwanza ya hatua iliyosababisha utozaji usiolingana na mkataba.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuandika kwenye karatasi moja jina la mkataba, tarehe ulioanza kutumika, namba ya ibara, mamlaka inayopokea na siku ya mwisho.

## Hatua ya 2: Linda tarehe zote, za mkataba na za sheria za ndani

Hapa ndipo watu wenye hoja nzuri hupoteza kesi. MAP haisimamishi muda wa pingamizi la ndani, na kwa kawaida haisimamishi ukusanyaji wa deni.

Nchini Kenya pingamizi dhidi ya makadirio huwasilishwa ndani ya siku 30. Afrika Kusini, kanuni zilizobadilishwa mwaka 2023 zinatoa siku 80 za kazi. Wasilisha pingamizi la kujilinda katika nchi zote mbili, kisha omba kwa barua kwamba lisubiri matokeo ya MAP. Ukiacha pingamizi ukitegemea MAP pekee, na mamlaka mbili zikashindwa kukubaliana, huna tena pa kurudi.

Kwa upande mwingine, usilisukume pingamizi hadi hukumu. Mahakama ikishatoa uamuzi wa mwisho, ofisa wa nchi hiyo anaweza kuwa hana mamlaka ya kukubali jambo tofauti mezani. Kuwa mwangalifu pia na makubaliano ya kumaliza ukaguzi. Wakaguzi hupenda kupunguza kidogo adhabu ili usaini, na ndani ya karatasi hiyo kunaweza kuwa na ahadi kwamba hutalifungua tena jambo hilo kwa njia yoyote.

Kuhusu deni la Afrika Kusini, omba kusimamishiwa malipo chini ya kifungu cha 164 cha Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya nchi hiyo ya 2011. Kanuni yao ni kulipa kwanza na kubishana baadaye, na kifungu hicho ndicho chenye nafasi ya kuomba vinginevyo.

Hesabu miaka mitatu tangu barua ya mapema kabisa inayoweza kuitwa taarifa ya kwanza. Kwa kawaida taarifa hiyo ni makadirio yenyewe wala si barua ya kuanza ukaguzi, lakini hupati faida yoyote kwa kubishania miezi hiyo ya katikati.

## Hatua ya 3: Taja mgogoro kwa sentensi moja

Kabla ya maelezo yoyote, andika sentensi inayosema nchi zinatofautiana wapi. Mgogoro unaweza kuwa juu ya ukaazi, aina ya pato, kuwepo kwa kituo cha kudumu, kiasi cha faida inayohusishwa nacho, au bei kati ya kampuni ndugu. Kila aina ina ibara yake na ushahidi wake.

Katika mfano wetu sentensi ni hii: "SARS inasema wahandisi walikuwa na kituo cha kudumu cha biashara Afrika Kusini kuanzia 4 Septemba 2023 hadi 17 Machi 2024, na KRA inasema hakikuwepo." Sentensi hiyo haisemi nani yuko sahihi, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Ikikushinda kuiandika, huenda nchi zako hazitofautiani juu ya mkataba hata kidogo. Pengine nchi ya ukaazi inakubali kukupunguzia kodi ya nje ila imekosa risiti ya malipo, na hilo humalizwa kwa barua kwenye ofisi yako ya kodi.

## Hatua ya 4: Hesabu siku, na uanze kwa hesabu inayokuumiza

Mikataba inayofuata mfano wa Umoja wa Mataifa huwa na vipimo viwili vinavyochanganywa sana. Mradi wa ujenzi au ufungaji wa mitambo huwa kituo cha kudumu ukizidi miezi sita. Huduma zinazotolewa kupitia wafanyakazi huunda kituo zikizidi jumla ya siku 183 ndani ya miezi 12. Tunavitumia vipimo hivyo katika mfano huu. Wewe chukua vya mkataba wako kama vilivyoandikwa.

Kutoka 4 Septemba 2023 hadi 17 Machi 2024, siku zote zikihesabiwa, ni 196. Katikati, kuanzia 14 Desemba hadi 7 Januari, kiwanda kilifungwa kwa mapumziko ya mwisho wa mwaka na wahandisi wote walirudi Nairobi. Hizo ni siku 25. Zikiondolewa zinabaki 171.

Sasa tazama jinsi kipimo kinavyoamua matokeo. Ikiwa kazi ni mradi wa ufungaji, mapumziko ya muda hayasimamishi saa: mradi huhesabiwa tangu mwanzo hadi mwisho, na umezidi miezi sita. Ikiwa kazi ni huduma, kinachojumlishwa ni vipindi ambavyo huduma ilitolewa kweli, na 171 iko chini ya 183. Kwa hiyo mgogoro wa siku ni mgogoro wa aina ya kazi, na faili linalobishania siku peke yake linapigana mahali pasipofaa.

Ndiyo maana mkataba wa kazi na ankara vina uzito kuliko mihuri ya pasipoti. Vinasema nini kuhusu asilimia ya malipo iliyotokana na kufunga vifaa, na ile iliyotokana na kuandika programu, kupima na kufundisha wafanyakazi wa kiwanda? Nani alibeba jukumu la vifaa vyenyewe? Jibu maswali haya kwa nyaraka za wakati huo.

Katika kuhesabu, fuata kanuni tatu. Siku ambayo wahandisi watatu walikuwepo ni siku moja, kwa kuwa anayepimwa ni kampuni. Siku ya kufika na siku ya kuondoka ziingie zote. Jumamosi na Jumapili za katikati ya kazi nazo ziingie, hata kama hakuna aliyefanya kazi. Ukishinda kwa hesabu inayokuumiza, hakuna anayeweza kukuambia ulichagua siku. Andika jedwali la mstari mmoja kwa kila siku, likionyesha nani alikuwepo na ushahidi ni upi, na safari ya Desemba iungwe mkono na tiketi pamoja na mihuri.

## Hatua ya 5: Andika ombi la msingi na ombi la akiba

Hii ndiyo sehemu inayotofautisha ombi la MAP na rufaa, na inastahili muda wako mwingi zaidi.

Angalia matokeo yanayowezekana katika mfano wetu. La kwanza, nchi zinakubaliana kwamba kituo hakikuwepo. SARS inarudisha randi 1,080,000, na Kenya inabaki na 1,200,000.

La pili, zinakubaliana kwamba kituo kilikuwepo, lakini faida yake ni randi 2,500,000 tu, kwa kuwa 1,500,000 ilitokana na usanifu uliofanyika Nairobi. SARS inapata asilimia 27 ya 2,500,000, yaani 675,000. Kodi ya Kenya juu ya sehemu hiyo ni 750,000. Ikipunguziwa 675,000 inabaki 75,000. Sehemu ya Nairobi inatozwa 450,000. Jumla ni 1,200,000.

La tatu, kituo kilikuwepo na faida yote ni yake. SARS inabaki na 1,080,000, Kenya inapata tofauti ya 120,000, na jumla ni ileile 1,200,000.

Kampuni inalipa sawa katika matokeo yote matatu. Kinachobadilika ni mgao kati ya hazina mbili, na mgao huo ni kazi ya maofisa. Mwombaji anayeng'ang'ania tokeo la kwanza pekee anawanyima maofisa nafasi ya kukutana katikati, tena bila faida yoyote kwake. Andika hivi: ombi la msingi, kwamba kituo hakikuwepo na SARS irekebishe makadirio, ombi la akiba, kwamba ikiwa kilikuwepo, faida inayohusishwa nacho iamuliwe na KRA iipunguzie kampuni kodi iliyolipwa Afrika Kusini chini ya ibara ya kuondoa kodi maradufu na kifungu cha 42 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya.

Tahadhari moja: matokeo yanalingana kwa sababu kiwango cha Kenya kiko juu. Kama nchi ya ugenini ingekuwa na asilimia 35, punguzo la Kenya lingeishia kwenye asilimia 30 yake, na sehemu iliyozidi ingebaki mzigo wako. Hapo ombi la msingi lingekuwa na thamani halisi ya fedha, na ungelipigania zaidi. Piga hesabu hii kabla ya kuchagua sauti ya barua.

## Hatua ya 6: Panga faili

Maofisa hawahitaji kurasa nyingi. Barua ya kurasa nane hadi kumi na viambatisho vyenye namba hutosha kwa kesi ya ukubwa huu. Iwe na mambo haya kwa mpangilio huu:

1. Jina, namba ya mlipakodi katika kila nchi, na anwani.
2. Mkataba na ibara zinazotegemewa.
3. Miaka ya kodi inayohusika na kiasi kwa kila mwaka.
4. Ukweli wa jambo kwa mfuatano wa tarehe.
5. Msimamo wa kila nchi, ulioelezwa kwa haki.
6. Uchambuzi wako, ombi la msingi na ombi la akiba.
7. Hali ya pingamizi, kesi au makubaliano yoyote katika nchi zote mbili.
8. Tamko kwamba maelezo ni ya kweli na kamili, likiwa na sahihi ya mlipakodi mwenyewe.

Namba ya tatu huangusha wengi. Kazi yetu ilivuka mwaka, kwa hiyo ni lazima kuomba kwa 2023 na kwa 2024. Ukitaja mmoja tu, mwingine unaendelea kuhesabiwa muda wake hadi unakufa kimyakimya.

Katika namba ya tano, nukuu barua za mamlaka neno kwa neno. Ofisa wa KRA atampelekea mwenzake wa Pretoria maelezo yanayotokana na faili lako. Akikuta umeupotosha msimamo wa SARS, miezi ya kwanza itapotea katika kusahihishana.

Kiasi cha fedha kiandikwe kwa randi na kwa shilingi, pamoja na kiwango cha ubadilishaji na tarehe yake. Faida ileile ikionekana kuwa na kiasi tofauti katika nchi mbili kwa sababu ya ubadilishaji tu, ofisa atadhani ni mapato mawili. Omba pia, kwa maneno ya wazi, riba na adhabu zifuate matokeo ya kodi yenyewe, kwa sababu mikataba mingi haizitaji na zisipoombwa huachwa.

## Hatua ya 7: Wasilisha, kisha subiri kwa utaratibu

Mawasiliano ya mamlaka husika ya kila nchi yapo katika wasifu wa MAP uliochapishwa kwenye tovuti ya OECD. Tuma kwa anwani hiyo. Afisa wako wa kawaida wa kodi si mpokeaji wa ombi hili, na faili lililoachwa kwenye kaunta linaweza kuhesabiwa kuwa halijawasilishwa. Ikiwa mkataba unaruhusu, peleka nakala kwa nchi ya pili siku hiyohiyo. Hakikisha unapata barua ya kupokelewa yenye tarehe. Hiyo ndiyo kinga yako dhidi ya hoja ya kuchelewa.

Mamlaka ya kwanza itaangalia kama malalamiko yana msingi na kama inaweza kuyamaliza yenyewe. Isipoweza, itaandikia nchi ya pili. Wewe hutakuwa mezani. Utaulizwa maswali kwa barua, na unapaswa kujibu ndani ya muda uliotajwa huku ukitoa majibu yaleyale kwa pande zote mbili. Lengo lililowekwa kimataifa chini ya mpango wa OECD ni wastani wa miezi 24, ila kesi za nchi zisizo na maofisa wengi wa kazi hii zinaweza kuvuka hapo.

Mamlaka zinatakiwa kujitahidi kukubaliana; katika mikataba mingi, hasa ya nchi zetu, hakuna msuluhishi wa lazima zikishindwa. Hii ndiyo sababu pingamizi la hatua ya 2 lazima liwe bado hai.

## Hatua ya 8: Pokea matokeo na ufuatilie utekelezaji

Makubaliano yakifikiwa utaandikiwa masharti na kuulizwa kama unakubali. Kukubali kwa kawaida kunamaanisha kuondoa pingamizi na kesi juu ya jambo hilohilo. Usiondoe kabla ya kusoma kiasi cha kila mwaka na kulinganisha na jedwali lako. Kosa la kuandika 2023 mahali pa 2024 ni rahisi kurekebishwa kabla ya sahihi na ni gumu sana baada yake.

Kisha kuna kazi ambayo barua ya makubaliano haiifanyi yenyewe. Chini ya tokeo la pili, SARS inapaswa kutoa makadirio yaliyopunguzwa hadi randi 675,000 na kurudisha kilichozidi ikiwa kililipwa, na KRA inapaswa kurekebisha makadirio ya miaka yote miwili ili punguzo lionekane kwenye leja yako ya iTax. Mara nyingi ofisa aliyesaini makubaliano yuko idara moja na leja iko idara nyingine. Peleka nakala ya makubaliano pamoja na ombi la marekebisho au marejesho kwa maandishi, ukionyesha tarakimu ya kila mwaka. Jambo limekwisha leja zote mbili zitakaposoma tarakimu zilizo kwenye makubaliano, na riba iliyokuwa ikijumlishwa juu ya deni la zamani iwe imefutwa nayo.